Safu Iliyobaki Tupu Katika Mapitio Yangu

Mapitio yangu ya maandishi, sura ya tasnifu inayopima wasomi wamekwisha kuandika nini, yalirudishwa mara mbili kabla sijaelewa kosa lilikuwa wapi. Mara ya pili yalirudi na barua fupi kutoka kitivo cha sheria: yakirudishwa mara ya tatu, usajili wangu wa shahada ya uzamili utafutwa. Niliikunja barua hiyo, nikaiweka ndani ya bahasha ya kaki, na sikumwonyesha mtu. Kusema kweli, sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Mimi ni karani wa masjala ya mahakama mjini Migori. Kazi yangu kwa miaka kumi na minne imekuwa mafaili ya urithi. Mtu akifa bila kuacha wosia, familia inakuja kwetu kuomba hati ya kusimamia mali yake, nami ndiye ninayeangalia kama nyaraka zimetimia. Sheria niliisoma peke yangu kwanza, kwa kusoma hukumu nilizopewa kuzifungia ndani ya mafaili. Nilipofika umri wa miaka arobaini na moja nikajiandikisha kwa masomo ya wikendi. Mke wangu ni mwalimu Karungu, kando ya ziwa, na ndiko nyumba yetu iliko. Mimi hupanga chumba kimoja Migori. Zamani kila Ijumaa jioni nilikwenda nyumbani. Tangu nianze tasnifu, Jumamosi zangu ziligeuka kuwa za Homa Bay, kwa sababu msimamizi wangu alikuwa akifundisha huko kwenye tawi la chuo.

Msimamizi huyo alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama tisa. Mimi nilimwita Daktari. Yeye aliniita jaduong', neno la Kijaluo la kumheshimu mzee, ingawa mara nyingine alilitamka kama mtu anayemtuliza ng'ombe mkaidi.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa arobaini na tatu. Mada ilikuwa urithi wa ardhi wa wanawake chini ya Sheria ya Urithi. Nilikuwa nimekusanya vyanzo sitini na kimoja vya wasomi, na hukumu kadhaa juu yake, nikavipanga vyote kwa mwaka wa kuchapishwa, cha zamani kikitangulia. Kila chanzo kilikuwa na aya yake. Aya ilitaja mwandishi, ikaeleza alichosema, alifikia hitimisho gani, kisha nikahamia kwa anayefuata. Nilijivunia mpangilio huo. Hakuna chanzo kilichosahauliwa, hakuna kilichorudiwa.

Daktari aliufungua ukurasa wa kwanza, akaruka hadi wa kumi, akaruka hadi wa thelathini.

"Jaduong', hii ni nini?"

"Ni mapitio ya maandishi, Daktari."

"Hapana. Hii ni rejista. Umepokea mwandishi, ukampa nambari, ukamfungia kabatini. Sasa nikuulize. Huyu wa ishirini na tatu na huyu wa arobaini, wanakubaliana?"

"Sijaangalia."

"Na hizi hukumu umezichanganya humu za nini? Hukumu ni sheria yenyewe. Utazichambua kwenye sura zinazofuata. Hapa tunataka kujua wasomi wamesema nini juu ya sheria hiyo, na wamenyamazia nini."

Alikuwa sahihi kuhusu rejista. Ndivyo nilivyofundishwa kazi: kila kinachoingia kiandikwe kwa mpangilio wa kuingia, na karani asitoe maoni yake. Niliyachukulia maandishi ya wasomi kama maombi yaliyoletwa kaunta.

Rasimu ya pili niliipanga kwa mada. Niliondoa hukumu zote. Niliandika mahali wasomi wanapokubaliana na wanapopingana, na mwishoni nikaweka aya niliyoamini ingeniokoa: kwamba tafiti nyingi zimefanywa kwingineko nchini, na hakuna niliyoiona iliyofanywa Migori, kwa hiyo hapo ndipo pengo la utafiti lilipo.

Safari hii alicheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka.

"Hakuna aliyeandika kuhusu choo chako pia, jaduong'. Hilo nalo ni pengo?"

"Daktari, Migori ina watu wake na desturi zake."

"Sawa. Zinabadilisha nini? Ukienda Migori utapata jibu lile lile walilopata wengine, au kuna kitu Migori inatuonyesha ambacho hao sitini na mmoja hawakuweza kukiona? Mahali si pengo. Pengo ni swali ambalo hawa watu wote wanalihitaji na hakuna aliyelijibu."

Aliandika maoni yake, akayatuma kitivoni kama utaratibu unavyotaka, na wiki iliyofuata ile barua ikafika.

Ofisini hakuna aliyejua habari za barua hiyo. Mwenzangu wa dawati la pili, mtu mcheshi aliyezaliwa Uriri, alikuwa ameniita Wakili kwa miaka mitatu. Nilipoingia na begi la karatasi angesimama na kuinama: "Kotini! Wakili amefika!" Wengine walicheka, nami nilicheka nao. Chakula cha mchana nilikula dawatini nikisoma, na baada ya muda waliacha kuniuliza kama ninakuja. Sikuwalaumu. Mtu akikataa mwaliko mara kumi, kumwalika mara ya kumi na moja ni kama kumsumbua.

Mwezi wa pili baada ya barua, alikuja kaunta mwanamke kutoka upande wa Ntimaru. Alikuwa na umri kama wangu, amefunga leso kiunoni, ameshika nyaraka ndani ya mfuko wa nailoni ili zisilowe. Siku hizi maombi hupakiwa kwenye mtandao, lakini watu bado huja na karatasi mkononi, kwa sababu kijana wa saiba, kibanda cha intaneti, huwaambia faili "limekataa" na hawajui limekatalia wapi.

Lilikuwa limekatalia kwangu. Nilifungua faili lake kwenye kompyuta nikakumbuka. Marehemu alikuwa mwanamke mzee mwenye shamba. Barua ya chifu, ile inayotaja waliobaki wa marehemu, ilikuwa na jina la mwombaji, na kando yake, mahali pa uhusiano, chifu alikuwa ameandika kwamba yeye ni mke wa mtoto wa marehemu. Lakini kwenye orodha hapakuwa na mtoto yeyote wa kiume, aliye hai wala aliyekufa. Nilikuwa nimeirudisha kwa maelezo ya mstari mmoja: uhusiano ufafanuliwe.

"Mkubwa," aliniambia, "chifu anasema amefafanua."

"Mama, wewe ni mke wa nani?"

"Niliolewa na huyo mama."

Nilijua desturi hiyo. Kwa Wakuria, mwanamke ambaye hakupata mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari na kuoa mwanamke mwingine, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Anayeolewa humwita mama mkwe, ijapokuwa hakuna mume kati yao. Nilijua, lakini fomu haikuwa na nafasi ya kujua.

"Mume wako anaitwa nani?" mwenzangu alidakia kutoka dawati la pili.

Mwanamke yule alimtazama kwa utulivu. "Wewe umeoa?"

"Nimeoa, mama."

"Mahari umemaliza?"

Mwenzangu alicheka akashika kichwa. "Bado kidogo."

"Basi mimi yangu ilimalizwa yote. Usiniulize mume."

Masjala nzima ilicheka. Hata yeye alitabasamu kidogo. Nilimwambia arudi kwa chifu, aombe barua nyingine yenye uhusiano ambao mahakama inaweza kuusoma. Sikumwambia uhusiano gani. Karani hashauri. Baada ya siku kumi faili lilirudi likiwa na barua mpya. Safari hii chifu alikuwa amemwandika binti wa marehemu, na watoto wake wamekuwa wajukuu. Nyaraka zilikuwa zimetimia. Nililipokea.

Jioni hiyo nilitembea hadi chumbani kwangu bila haraka, nikipita sokoni wakati wauza mboga wanafunga. Nilikuwa na fikra moja tu. Mahakama ingetangaza ombi hilo, ingesubiri pingamizi, ingegawa shamba, na kila mtu katika mlolongo huo angemchukulia mwanamke yule kuwa binti. Kama siku moja ndugu wa marehemu wangetaka hati ifutwe kwa kudai imepatikana kwa uongo, wangekuwa na la kusema. Na yote yalianza kwenye nafasi ya sentimita nne iliyojazwa na chifu kwa sababu mimi niliirudisha.

Jumamosi nilimweleza Daktari, bila kutaja jina wala nambari ya faili. Alisikiliza hadi mwisho, kalamu ikiwa imelala mezani.

"Umejuaje hili?"

"Nimekaa kaunta, Daktari."

"Kaunta si chanzo. Faili la mtu huwezi kulitumia bila kibali cha utafiti na idhini ya mahakama, na kwenye sura hii hata ukiwa na kibali halina kazi. Kaunta imekupa swali. Sasa nenda kwa hao sitini na mmoja uthibitishe kwamba swali hilo halina jibu kwao. Ukilipata jibu kwa hata mmoja, utaniletea kitu kingine."

"Na nikikosa kitu kingine?"

"Barua unayo," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nimeiona, jaduong'. Nakala huja kwangu."

Ndipo nilipoanza kazi ambayo ningepaswa kuianza mwaka mzima kabla. Nilichora jedwali kwenye karatasi kubwa nilizozibandika ukutani. Upande wa kushoto, waandishi. Juu, badala ya kuandika mwandishi alisema nini, niliandika maswali: Anaanzia wapi hadithi yake? Anategemea ushahidi gani? Anachukulia nini kuwa kimekwisha kujulikana? Anawasoma akina nani? Na safu ya mwisho: Orodha ya waliobaki wa marehemu ilitoka wapi, na nani aliamua kila mmoja aitwe nani?

Niliamka saa kumi na moja asubuhi, nikasoma hadi saa moja na nusu, nikaenda kazini. Wikendi nilisoma kutwa. Sikwenda Karungu kwa wiki tisa. Mke wangu alipiga simu Jumapili baada ya kanisa, nikasikia upepo wa ziwa na watu wakiagana nyuma yake.

"Unasoma nini leo?"

"Tanbihi."

"Tanbihi ni nini?"

"Maelezo ya chini ya ukurasa. Ninaangalia nani amemtaja nani."

"Kwa hiyo si hata kitabu. Ni chini ya kitabu."

"Ndiyo."

"Haya. Ukifika juu utuambie."

Alisema kwa utani, lakini alikata simu mapema kuliko kawaida yake.

Tanbihi hizo ndizo zilizonionyesha kitu cha kwanza. Vyanzo vyangu vilikuwa makundi matatu yasiyosomana. Kundi moja liliandika kuhusu fungu la mjane na la binti: wanapaswa kupata kiasi gani, na kwa nini hawapati. Kundi la pili liliandika kuhusu ndoa ya mwanamke kwa mwanamke na kujadili kama sheria inaitambua. Kundi la tatu liliandika kuhusu machifu na wazee kama wasuluhishi wa migogoro ya ardhi. Wa kwanza karibu hawakuwataja wa tatu. Wa pili waliwataja wa kwanza kwa heshima tu, katika utangulizi. Kila kundi lilikuwa chumbani mwake na mlango umefungwa. Sikufurahia mfano huo ulipokuja akilini, kwa sababu nilikuwa naandika nikiwa katika chumba cha namna hiyo.

Kitu cha pili kilikuwa ile safu ya mwisho. Niliijaza kwa penseli, chanzo kwa chanzo. Wa kwanza: hasemi. Wa pili: hasemi. Mmoja aliitaja barua ya chifu katika sentensi moja, kama waraka unaoambatishwa, kisha akaendelea. Mwingine alilalamika kwamba machifu hudai chochote kabla ya kuiandika, na hilo ni jambo zito, lakini ni swali la rushwa, si la nani anapewa jina gani. Nilipofika wa sitini na moja nilikuwa na sentensi hizo mbili tu. Kisha nikatafuta zaidi, kwa maneno mengine, katika orodha za marejeo za wale niliokuwa nao, nikapata vyanzo vingine saba. Navyo havikusema. Vilipoanza kunirudisha kwa waandishi niliokwisha kuwasoma, nikajua ninaweza kuacha kutafuta.

Niliisoma tena Sheria ya Urithi na kanuni zake, kifungu kwa kifungu. Sheria inataka mwombaji ataje mume au mke, watoto, na ndugu wengine wa karibu waliobaki. Sikuona mahali panaposema ombi lisipokelewe bila barua ya chifu. Majaji wameigusa barua hiyo hapa na pale. Lakini kaunta tuliidai kama tunavyodai sahihi, na mimi nilikuwa nimeidai kwa miaka kumi na minne bila kuuliza ilitoka wapi. Nilikipitia kifungu hicho mara tatu nikitumaini nimekosea.

Rasimu ya tatu ilikuwa na kurasa kumi na saba. Waandishi wengi walikusanywa watano au sita katika sentensi moja, kwa sababu walisema jambo moja. Wengine walipewa ukurasa mzima kwa sababu hoja yangu ilisimama juu yao. Nilionyesha kwamba makundi yote matatu yanategemea jambo moja ambalo hakuna linaloliangalia: kwamba kabla ya mahakama kuuliza nani anarithi kiasi gani, mtu mwingine amekwisha kuamua nani ni nani. Nikaandika kwamba katika maandishi niliyoweza kuyapata, uamuzi huo haujachunguzwa, na kwamba bila kuuchunguza, mjadala wa mafungu na mjadala wa uhalali wa ndoa yote miwili inaanza ikiwa imechelewa. Migori sasa haikuwa sababu. Ilikuwa mahali ambapo jambo hilo huonekana wazi, kwa kuwa kuna familia ambazo fomu haina jina lao.

Daktari aliisoma nikiwa nimekaa mbele yake. Ilimchukua zaidi ya saa moja. Dirisha la ofisi yake lilitazama kipande cha ziwa, na nilihesabu boti zilizopita kwa sababu sikuweza kumtazama usoni.

"Hii naipeleka," alisema hatimaye.

Niliendelea kuhesabu boti.

"Jaduong', nimesema naipeleka. Unaweza kupumua."

"Asante, Daktari."

"Bado. Kuna kitu kimoja. Wewe unafanya kazi kwenye masjala hiyo hiyo. Lazima msomaji ajue. Ukificha, mtahini atakupata. Weka aya moja ya kujitambulisha: wewe ni nani, umefanya nini katika jambo hili. Na uombe ruhusa ya mkuu wako."

Kuomba ruhusa kulinigharimu kitu ambacho sikukitarajia. Mkuu aliniruhusu kwa maandishi. Lakini habari ilifika madawatini kabla ya karatasi. Mwenzangu wa Uriri alinikuta kwenye kabati la mafaili.

"Omera, ndugu yangu, unatuandika?"

"Siandiki watu. Naandika barua ya chifu."

"Na ni nani anayeidai hiyo barua? Si mimi na wewe?"

"Ni mimi na wewe."

Alitikisa kichwa. Kesho yake nilipoingia na begi langu hakusimama wala kuinama. Alisema tu habari ya asubuhi. Hajawahi kuniita Wakili tena, na sikujua kwamba jambo dogo hivyo lingeifanya ofisi ionekane tupu kiasi hicho.

Aya ya kujitambulisha niliiandika Homa Bay Jumamosi iliyofuata, kwenye benchi nje ya maktaba ya chuo. Ilipaswa kuwa na sentensi nne. Ya kwanza na ya pili zilikuja kwa urahisi: mtafiti ni karani wa masjala, kwa muda wa miaka kumi na minne. Ya tatu niliandika kwamba katika muda huo amewarudisha waombaji wengi wasio na barua, au wenye barua ambayo uhusiano wake haukueleweka.

Daktari alipita akiwa na funguo za gari mkononi, akasoma juu ya bega langu.

"Wengi ni wangapi?"

"Nitaangalia kwenye rejista."

Jumatatu niliangalia. Nilizitoa rejista zote za urithi, za zamani za karatasi na za sasa za kompyuta. Za karibuni zilikuwa na faili zilizorudishwa kwa mtandao, na hizo nilizihesabu. Lakini kabla ya mtandao, mtu aliyefika kaunta bila barua hakupewa nambari. Tulimwambia arudi akiwa nayo. Aliyerudi aliandikwa siku aliyorudi. Asiyerudi hakuandikwa popote. Nilikaa na vitabu hivyo hadi saa ya kufunga, nikijaribu kukumbuka nyuso. Nilikumbuka chache: mzee mwenye fimbo ya chuma, msichana aliyebeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi, mama wawili waliokuja pamoja wakidai mume mmoja. Sikukumbuka kama walirudi.

Nilifuta neno wengi. Niliandika kwamba idadi ya waliorudishwa kaunta haijulikani, kwa kuwa masjala haikuwa ikiwaandika, na kwamba mtafiti ni mmoja wa waliokuwa na kalamu. Niliituma sura yote jioni hiyo. Kitivo kilijibu baada ya wiki tatu kwamba mapitio yamekubaliwa na usajili wangu unaendelea.

Ijumaa hiyo nilikwenda Karungu. Mke wangu alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na mlango ulikuwa umefungwa. Sikuwa na ufunguo, kwa sababu kufuli lilikuwa jipya. Alikuwa amelibadilisha la zamani liliposhika kutu, na hakukuwa na siku niliyokuwepo ili anipe ufunguo wa pili. Nilikaa kwenye ngazi na begi langu miguuni. Jirani alipita na ndoo ya samaki, akanisalimu kama mtu anavyomsalimu mgeni, kisha akasimama, akanitazama vizuri, akasema, "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi," nilimjibu.

"Atachelewa. Leo wanarudia nyimbo zote."

Nilimwambia nitangoja.